Kwa nini video ya sekunde 22 huchukua siku tatu



Swali tunaloulizwa kuliko yote hapa Mkuyuni ni hili: "Video fupi tu hiyo, kwa nini siku tatu?" Huuliza fundi hina, huuliza muuza udi, huuliza bi harusi aliyeshonewa gauni na sasa anataka kipande kizuri cha kumshukuru fundi wake. Tunamwelewa kila mmoja. Ukiitazama, video imekwisha kabla chai haijapoa.

Tupo wawili, mtu na wifi yake. Tulianza na cherehani. Kidato cha nne kilipokwisha ikafuata kozi ya ushonaji, kisha chumba cha kupanga karibu na soko, na mashela ya harusi ndiyo yaliyotupa jina. Video tulianza kukata kwa ajili ya mashela yetu wenyewe, kwa simu, usiku baada ya kufunga. Wateja wakaanza kuulizia video kuliko mashela. Leo nusu ya mapato yetu ni video za wima kwa biashara ndogo za wanawake: mitandio, udi, hina, keki, magauni. Leo tunazieleza hizo siku tatu moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila siku imetufunza jambo, na siku ya kwanza ilitufunza kwa machozi.

SIKU YA KWANZA: KUCHAGUA NA KUKAGUA

Mteja hututumia vipande vyake, kwa kawaida thelathini mpaka arobaini. Tunamwomba avitume WhatsApp kama faili la hati, asivitume kama video ya kawaida. Ukituma kama video, WhatsApp huibana ili iwe nyepesi, na lesi ya shela ikifika kwetu imekuwa kama uji. Ukituma kama hati inafika ilivyo.

Tukishapokea tunachagua vipande sita au saba, kisha tunavikagua. Zamani hatukuwa tukikagua. Tulikuwa tunaangalia kama pameng'aa na kama mkono haukutetemeka, basi.

Mwaka juzi, mfungo mosi, dada mmoja anayepaka hina alitupa vipande vya usiku wa hina. Chumba kilikuwa cha wanawake watupu, na biharusi alikuwa ametoa idhini ya mikono yake kuonekana. Tukakata sekunde kumi na nane, mikono tu, hina nyekundu kwenye mto mweupe. Ilipendeza kweli. Tukamkabidhi, akaiweka mchana.

Baada ya Alasiri ukabishwa mlango wetu. Ni mama mmoja na binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Sikuja kugomba. Nimekuja mliitoe."

Akatuonyesha simu. Nyuma ya mto palikuwa na kabati lenye kioo, na ndani ya kioo, kwa muda wa sekunde moja hivi, alipita binti yake, kichwa wazi, nguo ya nyumbani, akicheka. Binti huyo hujifunika hata kwa shemeji zake. Mchumba wake ndiye aliyeiona kwanza, alitumiwa na rafiki.

Tuliifuta papo hapo, na fundi hina naye akaifuta. Lakini ilikuwa imekaa saa tatu, na watu walikuwa wameshaipakua na kuiweka kwenye stetasi zao. Kilichokwishatoka hatukuweza kukirudisha. Fundi hina tulimrudishia fedha zake, na yule binti tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitusamehe kwa mdomo. Harusi yake ilifungwa, alhamdulillah, ila miezi ile ya katikati haikuwa miepesi kwake, na sisi ndio sababu.

Tangu siku hiyo ukaguzi una utaratibu. Video zetu zina picha 30 kwa kila sekunde, kwa hiyo sekunde ishirini ni picha 600. Hakuna anayeweza kutazama zote 600 kwa makini, na si lazima. Tunatazama picha ya kwanza na ya mwisho ya kila kipande, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mpigaji huinuka na kunasa asichokusudia. Kisha tunatafuta kila kinachong'aa: kioo cha kabati, kioo cha dirisha usiku, runinga iliyozimwa, sinia la chuma, hata skrini ya simu iliyolala juu ya meza. Kila king'aacho tunakikuza kwa vidole na kukipitisha polepole. Mmoja akimaliza, wa pili anarudia bila kuambiwa mwenzake ameona nini.

Tukimkuta mtu, hatumfunikii ukungu. Ukungu unaowekwa kwa simu mara nyingi hubaki pale ulipowekwa, na kamera ikisogea uso hutoka pembeni yake. Tunaondoa kipande kizima, au tunakuza picha mpaka kioo kitoke nje ya fremu. Kukuza nako kuna mpaka wake. Video ya wima huwa na upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1920. Kama kipande kilipigwa kwa kipimo hichohicho, ukikikuza hata kidogo ukali huanza kupungua, na ukifika mara moja na nusu nyuzi za kitambaa hazionekani tena. Kama kilipigwa kwa 4K, unaweza kukuza mara mbili na bado ukabaki na picha kali. Ndiyo maana tunawaomba wateja wapige kwa 4K ikiwa simu inaruhusu, ingawa inakula nafasi. Ni kama kumwachia fundi kitambaa cha ziada kwenye pindo.

Na kuna jambo la simu yenyewe. Simu nyingi hupeleka nakala za picha na video mtandaoni zenyewe, na familia nyingi hutumia akaunti moja. Vipande vya usiku wa hina vilivyoingia simu ya mke vinaweza kuonekana kwenye simu ya kaka. Simu yetu ya kazi tumezima nakala hizo, haina akaunti ya mtu yeyote wa nyumbani, na vipande vya mteja hufutwa siku saba baada ya kukabidhi.

SIKU YA PILI: KUKATA NA KUANDIKA

Kukata ni kazi tunayoipenda, kwa kuwa haina tofauti kubwa na kitambaa. Unapima kwanza. Lakini kinachochukua muda zaidi ni maandishi yanayopita juu ya video.

Wateja wetu wengi hawataki sura zao zionekane. Wengi hawataki na sauti zao. Muziki pia wengi hawautaki, na hata anayeutaka hupata shida, kwa sababu akaunti ya biashara Instagram na TikTok haipewi nyimbo zote zinazopewa akaunti ya mtu binafsi, na video ya biashara iliyotumia wimbo usioruhusiwa inaweza kunyamazishwa. Sasa ukiondoa sura, sauti na wimbo, umebaki na nini? Umebaki na mikono, kitambaa, sauti ya mkasi au ya mkaa unaopasuka chini ya udi, na maandishi. Maandishi ndiyo yanayosema. Yakiwa mabaya, video imekuwa bubu.

Kuna mitindo mitatu tunayoitumia.

Wa kwanza ni wa neno kwa neno: neno moja hujitokeza kubwa katikati, linaondoka, linakuja jingine. Wateja huuona kwenye video za nje na huuomba sana. Tunawaambia ukweli: kwa Kiswahili unasumbua. Kiingereza kina maneno mafupi, nasi neno letu moja hubeba sentensi nzima. "Tutakushonea" lina herufi kumi na mbili. Ukiliweka kubwa halienei kwenye upana wa simu, na programu hulikata mahali popote, likawa "Tutakusho" juu na "nea" chini. Ukilipunguza lienee, linalofuata likiwa "leo" linakuwa dogo bila sababu, au saizi zinarukaruka. Mtindo huu tunautumia kwa maneno matatu au manne mafupi ya mwanzo tu.

Wa pili ni mstari mzima: sentensi fupi moja inakaa mpaka isomwe, kisha inaondoka. Huu ndio tunaoutegemea. Kipimo chetu ni herufi kumi na tano kwa sekunde, tukihesabu na nafasi. Mfano: "Shela hili halitelezi, lina lastiki ndani" ni herufi 41. Gawanya kwa 15, unapata karibu sekunde tatu. Kipande kikiwa cha sekunde moja na nusu, ama urefushe kipande ama upunguze maneno. Kisha tunampa mtu ambaye hajaiona, mara nyingi jirani yetu anayeuza mboga, aisome kwa sauti. Asipoimaliza mara ya kwanza, tunarudi kukata.

Wa tatu ni lebo: maandishi madogo yasiyoondoka, kama bei, saizi au mahali. Haya husaidia anayeiona video katikati.

Rangi nayo ina mtego wake kwa sisi wa mambo ya harusi. Maandishi meupe ndiyo ya kawaida, lakini juu ya shela jeupe yanapotea kabisa. Tunaweka kisanduku cha rangi ya giza nyuma ya herufi, kinachoonyesha kitambaa kidogo kwa nyuma. Herufi za mapambo zenye mikia tunaziacha kwa kadi za mwaliko. Kwenye simu ndogo, juani, hazisomeki.

Na mahali pa kuyaweka: usiandike robo ya chini ya video wala ukingo wa kulia. Hapo TikTok na Reels huweka jina la akaunti, maelezo na vitufe vyao, na bei yako itafunikwa na alama ya moyo. Andika katikati au juu kidogo ya katikati. Kava pia iwe na maneno yake katikati, kwa sababu kwenye ukurasa wa Instagram video hukatwa juu na chini, na neno lililo pembeni linaondoka na kichwa chake.

Tuchukue kazi moja. Dada anayeuza mashela na mitandio mjini, upande wa Makoroboi, alikuja na video aliyotengenezewa kwingine. Ilianza kwa jina la duka, kwa maua yanayozunguka, sekunde nne nzima. Tulipomwomba afungue takwimu za TikTok, mstari unaoonyesha watazamaji wanaobaki ulikuwa umeporomoka kabla shela lenyewe halijatokea. Watu hawakulikataa shela lake. Hawakuliona.

Tukamuuliza maharusi hulalamika nini dukani. Akajibu bila kufikiri: "Huteleza. Wanashika kichwa harusi nzima." Hapo tukapata video yetu. Sekunde tatu za kwanza, mkono unavuta shela lililo kwenye kichwa cha sanamu na shela haliondoki, maandishi: "Shela lako huteleza?" Sekunde nne, shela limegeuzwa upande wa ndani na kidole kinavuta lastiki, hapo ndipo ulipokaa ule mstari wa herufi 41. Sekunde tatu, utepe wa kupimia: "Urefu mita 2." Sekunde tano, shela kwa nyuma, linashuka, bila neno lolote, maana macho nayo yanataka kupumzika. Sekunde tatu, rangi tatu zimepangwa. Sekunde nne za mwisho, bei na mahali, na sasa ndipo jina la duka linakuja. Jumla sekunde 22. Sauti ni ya kitambaa chenyewe na ya lastiki ikivutwa.

Siku aliyoiweka alipata oda tatu, moja kutoka Ukerewe. Si nyingi, lakini wote watatu waliandika neno lilelile: "Lile lisiloteleza." Hapo tulijua maandishi yamesomwa.

SIKU YA TATU: MASAHIHISHO NA KUKABIDHI

Hapa ndipo urafiki ulikuwa unavunjika. Zamani tulikuwa tunasema "tutarekebisha mpaka uridhike", tukidhani ni ukarimu. Dada mmoja wa keki alirudisha video moja mara kumi na moja: badilisha rangi, rudisha rangi, mume kasema hivi, shoga kasema vile. Tulimaliza tukiwa tumekosa usingizi, naye hakuridhika. Kosa lilikuwa letu, maana hatukupima kabla ya kukata.

Sasa masahihisho ni mara mbili. Mara ya kwanza mteja anaandika yote kwa pamoja, akitaja sekunde: "sekunde ya 9, bei ni 35, si 30." Mara ya pili ni kuthibitisha tu. Maneno yote, bei na tahajia ya jina la duka anayaandika mwenyewe siku ya kwanza, kwa maandishi na si kwa sauti, ili kosa likitokea tujue lilianzia wapi. Na siku tatu huanza kuhesabiwa vipande na maneno vyote vikiwa vimefika. Ukituma vipande leo na bei keshokutwa, siku ya kwanza ni keshokutwa.

Vifurushi vyetu vimetokana na hesabu hiyo. Video moja ya hadi sekunde 30 ni shilingi 20,000, siku tatu, masahihisho mawili. Video nne kwa mwezi ni 70,000. Nafuu inakuja kwa sababu rangi, herufi na mahali pa bei tunapanga mara moja na kuvitumia zote nne. Cha tatu ni cha kuja kupiga wenyewe hapa Mwanza, video nane kwa 180,000, na hapo tunaondoa vioo chumbani kabla ya kuwasha simu. Ukaguzi wa watu haukatwi kwenye kifurushi chochote. Kuna aliyeomba tuuruke ili apate bei ndogo, tukamwambia kazi hiyo ampe mwingine.

Ya haraka, ya siku moja, tunaikubali kwa nusu bei juu yake, lakini huwa na kipande kimoja au viwili na lebo tu. Na wiki mbili za mwisho wa Shaaban na wiki ya kwanza ya mfungo mosi hatuikubali kabisa. Harusi zimejaa, umeme nao una siku zake, na ukaguzi wa haraka ndio ule uliotuletea mama mlangoni.

Kabla ya kukabidhi kuna hatua moja ya mwisho. Kila anayeonekana, hata mkono wenye pete inayotambulika, lazima awe amekubali. Tunataka ujumbe wake wa sauti au wa maandishi, mfupi: jina, anachokubali kionyeshwe, na kiwekwe wapi. Kukubali stetasi ya WhatsApp si kukubali TikTok. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika hapa nchini, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Lakini hata kabla ya sheria, tulishajua uzito wake kutoka kwa binti yule.

Kwa hiyo dada, ukitafuta mtu wa kukukatia video, awe wa Mwanza au wa huko kwenu Unguja, usianze na bei. Muulize nani mwingine anashika simu ile. Muulize vipande vyako vitafutwa lini. Mwombe akuonyeshe video moja aliyoandika kwa Kiswahili, uisome kwa sauti, uone kama unaimaliza. Na wewe biharusi, kabla ya usiku wa hina, mpe dada mmoja kazi ya kufunika kioo cha kabati kwa kanga. Ni kazi ya dakika moja.

Yule mama alirudi mwaka jana. Alikuja kushonesha shela la binti yake wa pili. Alipomaliza kupimisha akatuuliza kama bado tunakata video. Tukamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi hii ya mdogo mtafanya nyinyi. Mnajua pa kutazama."

Wabillahi tawfiq.